Adhana Haimsubiri Mwenyeji

Mwenyeji wa futari kule Unguja hana nafasi ya hotuba ndefu. Watu wamefunga tangu alfajiri, tende ziko mbele yao, na mwadhini akianza magharibi maneno yamekwisha, hata kama mwenyeji yuko katikati ya sentensi. Kwa hiyo wazoefu huyagawa mafungu.

Tuchukue nyumba iliyowaalika wakwe Wakristo kutoka bara, ambao hawajawahi kufuturu Pwani. Dakika chache kabla ya adhana, baba mwenye nyumba husema hivi:

“Wakwe zetu, karibuni sana, hapa ni kwenu. Adhana ikilia tutaanza na tende na maji, kisha uji. Uji huu ni wa mchele, una tui na pilipili manga, utawasha kooni kidogo. Sisi tutakwenda kuswali mara moja; nyinyi endeleeni, wala msiinuke. Chakula chenyewe bado.”

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Asipoambiwa hivyo, mgeni huongeza bakuli la pili la uji akidhani ndiyo basi, na futari ikija hana pa kuiweka.

Baada ya sala, mkeka umejaa na mikono imenawishwa, huja fungu la pili:

“Huu muhogo ni wa nazi, hauna pilipili, hata watoto wanakula. Samaki ni changu, ana miiba, mchambueni taratibu. Hizi tambi ni za sukari na iliki. Kwetu huliwa pamoja na chakula, hazingoji mwisho. Ule mweupe ni mkate wa kumimina, wa mchele. Bismillahi, karibuni.”

Ameeleza yale tu ambayo jicho haliyaoni. Bila onyo, aliyezoea tambi za chumvi atazimiminia mchuzi. Miiba ya changu nayo haihitaji ufafanuzi.

Asichosema ni namna muhogo ulivyopikwa: kwamba uliivia kwenye tui jepesi, kisha tui zito likatiwa mwishoni kwa moto mdogo huku likikorogwa lisikatike. Hayo ni mazungumzo ya baadaye. Na tui likikatika, mafuta huelea juu na chenga za nazi huonekana. Hakuna hotuba itakayolificha.

Kaimati na kahawa vikifika, mwenyeji anashukuru kwa ufupi na kumtaja aliyepika. Wengi hulisahau hili, nami naliona kosa kubwa kuliko kukosea jina la samaki.

Jambo moja halimo katika fungu lolote: kuuliza nani hali pweza au nani hudhurika na karanga. Mkwe hatakiri mbele ya mkeka, atakula kwa haya. Mpigie simu jana yake.