Posho ya Nyumba Ughaibuni: Nani Anayeitoza Ushuru? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwamba mshahara hutozwa ushuru pale kazi inapofanyiwa. Leo tunaingia katika marupurupu yanayoandamana na uhamisho: nyumba na gharama za kuhama. Hoja yangu ni kwamba mfanyakazi anayetumwa nje hapaswi kuuliza tu atapewa kiasi gani. Aulize pia atapewa kwa umbo gani, kwa sababu shilingi zilezile zikija kama pesa taslimu hutozwa kwa njia moja, na zikija kama nyumba hutozwa kwa njia nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa benki, mzaliwa wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, anahamishiwa tawi la Kampala. Mshahara wake ni shilingi 8,000,000 za Uganda kwa mwezi, na kodi ya nyumba atakayokaa ni 3,000,000. Mwajiri akimpa hizo milioni tatu mkononi, Mamlaka ya Mapato ya Uganda huzihesabu zote kuwa mapato, naye anaonekana kulipwa 11,000,000. Katika kiwango hicho ushuru ni asilimia 30, na kila shilingi inayopita milioni 10 kwa mwezi huongezewa asilimia 10. Posho hiyo peke yake, basi, inamzidishia ushuru wa 1,000,000.

Sasa mwajiri akiikodi nyumba mwenyewe, kwa mkataba wenye jina lake, hesabu inabadilika. Sheria ya Uganda hulinganisha kodi ya soko na asilimia 15 ya mapato ya ajira, thamani ya nyumba ikiwemo, kisha huchukua kilicho kidogo. Asilimia 15 ya 11,000,000 ni 1,650,000, nayo ni chini ya milioni tatu. Ushuru wa nyongeza unakuwa 495,000. Nyumba ni ileile, na mwajiri ametoa pesa zilezile, lakini kila mwezi karani amebakiwa na shilingi 505,000 zaidi.

Gharama za kuhama zinafuata mantiki hiyohiyo. Uganda haihesabu kuwa mapato nauli ya kwenda kuanza kazi au kurudi baada ya kumaliza, mradi mfanyakazi aliajiriwa nje ya nchi, si raia wa Uganda, na yuko huko kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo tu. Lakini akipewa fungu la jumla la “kujipanga” bila kueleza limetumikaje, hilo ni posho kama posho nyingine, na ushuru utakatwa.

Kuna watakaopinga: kodi ambayo sijaigusa kwa mkono wangu inakuwaje pato langu? Jibu ni kwamba asiyelipiwa nyumba huilipa kwa mshahara uliokwisha kukatwa ushuru. Kumwachilia kabisa anayelipiwa kungewaonea wenzake. Wengine watasema asilimia 15 ni mwanya wa kukwepa. La, ni kipimo kilichowekwa na bunge lenyewe, na Kenya ina kipimo chake kilicho kikali zaidi: kwa mfanyakazi wa kawaida, huchukuliwa asilimia 15 ya mapato yake au kodi anayolipa mwajiri, chochote kilicho kikubwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoturudisha Kisii na Nyamira. Kwa sheria ya Kenya, mwenye makao ya kudumu nchini akikanyaga Kenya hata kwa siku chache tu ndani ya mwaka wa mapato, huhesabiwa mkaazi wa mwaka huo, na mkaazi hutozwa ushuru wa mapato ya ajira hata kazi ikiwa imefanyiwa nje. Karani wetu aliyejenga boma lake karibu na Keroka na anayerudi nyumbani kila Desemba hawezi kudai kwa urahisi kwamba Kenya haimhusu. Raia wa Kenya hupunguziwa ushuru aliokwisha kulipa ugenini kwa mapato yayo hayo. Hata hivyo, kwa kuwa Kenya huipima nyumba kwa kilicho kikubwa, sehemu ya alichookoa Kampala inaweza kudaiwa Nairobi.

Je, basi ni bure kuomba nyumba badala ya pesa? Hapana. Kwa asiye na makao ya kudumu Kenya, na ambaye siku zake nchini hazitoshi kumfanya mkaazi, faida yote inaweza kuwa yake. Kwa mwenye boma, faida inategemea hesabu ya pande zote mbili, na hesabu hiyo haifanyiki bila cheti cha ushuru uliokatwa Uganda. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi barua ya uhamisho, ihakikishwe kwamba inataja nyumba na nauli kando na mshahara, na kwamba inaeleza ni nani atakayebeba ushuru wa ziada ukitokea Kenya. Mwajiri akikubali kuubeba, ajue kwamba ushuru anaomlipia mfanyakazi nao ni marupurupu yanayotozwa ushuru. Namna ya kuukokotoa ndiyo mada ya juma lijalo.