Midoli ya Kurithi: Bisibisi Kwanza, Beseni Baadaye

Begi la shangazi kaja limefika, limejaa midoli ya watoto wa ndugu ambao sasa wako darasa la tatu. Mama wengi watakimbilia beseni la maji ya sabuni. Mimi ningetafuta bisibisi kwanza.

Si kwamba uchafu hauna neno. Ila kitu kinachomkimbiza mtoto wa chini ya miaka mitatu hospitalini usiku huwa ni kipande kilichoziba koo, betri bapa au sumaku, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoka kwa sabuni. Tena maji huficha kasoro. Manyoya yakishalowa, mshono uliofumuka hauonekani, na kichezeo cha betri kikizama kwenye beseni ndiyo kimekufa. Jambo jingine ni kwamba midoli hiyo ilinunuliwa kwa mtoto mkubwa zaidi. Ile alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto na maandishi 0-3 ilikuwa kwenye boksi, na boksi lilitupwa siku ileile ya sikukuu.

Basi tuchukue begi moja la kawaida. Anayepokea ana miezi kumi, umri ambao kila kinachoshikwa huishia mdomoni. Ndani kuna vipande vya kujengea, dubu wa manyoya, simu ya plastiki inayoimba, gari la mbao lililopakwa rangi na bata wa kuogea.

Anza na vipande. Maabara za ukaguzi hutumia kikopo kidogo chenye upana wa milimita 31.7, na chochote kinachoingia chote bila kusukumwa hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani tumia lile bomba gumu linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Ni pana kidogo kuliko kikopo cha maabara, na hiyo ni heri kwako. Kinachopenya ndani yake kiweke juu ya kabati mpaka mtoto akue. Mipira ina kanuni yake, kwa kuwa umbo la duara huziba koo lote bila kuacha upenyo wa hewa: iliyo chini ya milimita 44.5 haifai. Mpira wa tenisi ya mezani una milimita 40, kwa hiyo nao unabaki kabatini.

Dubu mkague kwa vidole. Shika jicho, lizungushe, kisha livute kwa nguvu zako zote. Maabara hulivuta kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza mzigo wa kilo tisa hivi. Likicheza, likate kwa mkasi na udarizi jicho jipya kwa uzi. Halafu tanua kila mshono. Ukiona pamba au vile vipunje vyeupe vya plastiki vinachungulia, shona au tupa. Utepe wa shingoni utoe kabisa. Familia yenye pumu iongeze hatua moja: dubu afungwe kwenye mfuko wa plastiki na kulazwa kwenye friza saa 24, ili wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho wafe, ndipo afuliwe. Kufua ni lazima, kwa sababu mizoga na kinyesi chao ndivyo vinavyosumbua mapafu, na baridi haiviondoi. Kumkausha ndiyo kazi ngumu zaidi. Manyoya hukauka upesi, lakini ukimminya tumboni utasikia ubaridi wa maji, na hapo ukungu utaota. Mwache juani hata siku mbili.

Simu inayoimba ndiyo ya kuiogopa kuliko vyote. Igeuze uone mlango wa betri. Kama skrubu ipo na imekaza, ifungue uangalie ndani. Kama haipo, au mlango umeshikiliwa kwa selotepu, kichezeo hicho hakiendi kwa mtoto. Vichezeo vingi vidogo vinavyowaka na kuimba hutumia betri bapa ya mfano wa sarafu. Iliyozoeleka ni CR2032, yenye upana wa milimita 20, saizi inayoweza kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Wengi hudhani hatari yake ni sumu kuvuja. Kumbe ni umeme. Betri ikikaa kwenye nyama yenye unyevu, mkondo wake hutengeneza kemikali kali kama ile ya kuzibulia mabomba ya maji, na ndani ya saa mbili umio unaweza kuungua vibaya. Hata betri iliyoshindwa kuimbisha simu bado ina nguvu ya kutosha kuunguza.

Dalili zake hudanganya: mate mengi, kikohozi, kukataa kula, kana kwamba ni mafua. Ukiona mlango wa betri uko wazi na betri haipo, usisubiri dalili wala usimtapishe. Mpeleke hospitali yenye eksirei na utamke wazi kwamba unashuku betri. Kwa mtoto huyu wa miezi kumi usijaribu asali, ambayo wataalamu hushauri wakati mwingine kwa waliozidi mwaka mmoja, kwani chini ya umri huo ina hatari yake.

Sumaku zina hila tofauti. Moja ikimezwa peke yake mara nyingi hupita. Mbili hutafutana na kuvutana kupitia kuta za utumbo, zikabana nyama katikati mpaka ikatoboka. Kichezeo chenye sumaku inayochomoka kiondoe nyumbani kabisa.

Gari la mbao linahitaji maswali kuliko maji. Mpigie aliyelileta: "Shikamoo shangazi, asante sana kwa zawadi. Hivi hili gari mlilinunua lini, na rangi mliipaka wenyewe?" Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo unaokua, na hazijulikani kwa macho. Mwaka 2007 hata kampuni kubwa ya Mattel ililazimika kurudisha midoli kwa sababu hiyo. Rangi ikiwa inabanduka na historia yake haijulikani, tupa. Usiikwangue kwa msasa, utaigeuza vumbi la kuvutwa puani.

Bata wa kuogea nina hukumu fupi juu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani waliwapasua bata waliotumika majumbani wakakuta utando wa bakteria na ukungu umetanda ndani. Brashi haipiti kwenye kile kitundu cha chini, kwa hiyo huwezi kumsafisha. Mtupe, na ukinunua mwingine, chagua asiye na tundu.

Sasa beseni. Vilivyobaki vya plastiki visugue kwa sabuni na mswaki, hasa kwenye mifereji, kisha suuza. Ndipo uchanganye kijiko kimoja cha mezani cha Jik kwenye lita moja ya maji baridi, uviloweke dakika kumi, usuuze tena na kuvianika. Mpangilio huo una sababu: Jik huishiwa nguvu ikikutana na uchafu, na maji ya moto huidhoofisha. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya chooni, hewa inayotoka huunguza mapafu. Simu ya betri haizamishwi. Toa betri, ifute kwa kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa, kisha kwa kitambaa chenye maji matupu.

Betri ulizozitoa zifunge selotepu pande zote mbili na uziweke mahali mtoto hafiki. Usiziache mezani hata kwa dakika moja.