Mamlaka ya Dakika Arobaini

Tarehe 27 Juni 2017, kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk zilianza kuzimika moja baada ya nyingine, kuanzia makao makuu yake Copenhagen hadi bandari za nchi za mbali. Virusi vilivyozizima vilikuja kuitwa NotPetya. Vilianzia Ukraine, vikiwa vimejificha ndani ya masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo kampuni nyingi za huko huitumia katika mambo ya kodi. Miezi michache baadaye mwenyekiti wa Maersk wa wakati ule, Jim Hagemann Snabe, alieleza kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki ni namna virusi vile vilivyotembea. Njia yao ya kwanza ilikuwa kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikwisha kuitolea kiraka mwezi Machi mwaka uleule. Aliyeweka kiraka alifunga njia hiyo. Njia ya pili haikuhitaji kasoro yoyote. Msimamizi wa mifumo anapoingia kwenye kompyuta ya karani kwa akaunti yake kubwa, pengine kurekebisha printa tu, alama za siri za akaunti ile zinaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya mashine hata baada ya yeye kuondoka. NotPetya ilizichota alama hizo, kisha ikatumia zana halali za usimamizi kuingia kompyuta ya jirani, na ya jirani yake. Mashine iliyokuwa na viraka vyote iliweza kuangushwa vilevile, kwa sababu mgeni aliyebisha hodi alikuwa na utambulisho wa msimamizi mkuu.

Hapo ndipo penye kiini cha hatari ya akaunti ya msimamizi inayokaa wazi siku zote. Fundi wa mifumo anaweza kuwa mwaminifu, mjuzi na mwangalifu, lakini kazi zinazohitaji mamlaka makubwa kweli humchukua sehemu ndogo tu ya siku. Muda uliobaki anasoma barua pepe, anafungua viambatisho, anakula, analala. Mamlaka yake hayalali. Anayeiba nywila yake saa tisa usiku anapata uwezo uleule ambao mwenyewe alikuwa nao saa nne asubuhi kazini.

Dunia ya Unix ililiona tatizo hili mapema. Katika mifumo hiyo, Linux ikiwemo, kuna akaunti moja iitwayo `root` ambayo kwa kawaida hakuna kinachoizuia: inasoma kila faili, inafuta kila kitu, inabadilisha nywila ya kila mtu. Zamani mafundi kadhaa walishirikiana nywila moja ya `root`. Seva ilipoharibika, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni nani aliyefanya nini. Mnamo 1980 hivi, Bob Coggeshall na Cliff Spencer, waliokuwa idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, waliandika programu ndogo iitwayo `sudo`. Mtu huingia kwa akaunti yake ya kawaida, na anapohitaji mamlaka hutanguliza neno hilo mbele ya amri anayotaka kuitekeleza. Mfumo hutazama faili ya kanuni iitwayo `sudoers` kuona kama ameruhusiwa, humwomba nywila yake mwenyewe, hutekeleza amri ile moja, na huandika kumbukumbu yenye jina lake.

Baada ya nywila kukubaliwa, `sudo` humkumbuka mtumiaji kwa muda mfupi ili asiulizwe kila mara. Kwa asili yake muda huo ni dakika 5, na kwenye Ubuntu umezoeleka kuwa dakika 15. Anayeondoka kwenye kiti chake anaweza kuufuta papo hapo kwa `sudo -k`.

Tatizo ni kwamba mahali pengi `sudo` imewekwa kwa namna inayorudisha maradhi yaleyale. Fundi huingizwa kwenye kundi linaloruhusiwa kufanya kila kitu, kwenye kila mashine, bila kikomo cha tarehe. Mdukuzi akiishika akaunti ya fundi huyo, anaweza kupanda amri bandia yenye jina la `sudo`, akasubiri mwenyewe aandike nywila, na seva ikawa yake. Kwa jicho langu, huyo fundi bado ni msimamizi wa kudumu. Tofauti ni kwamba sasa jina lake linaandikwa.

Ndiyo maana kukazuka utaratibu wa mamlaka ya kuombwa: kwa siku za kawaida fundi hana ruhusa yoyote kubwa, na inapotokea kazi huomba ruhusa ya kazi hiyo, kwa muda wake, nayo hukatika yenyewe. Tuutazame kwa mfano wa saccos yenye seva moja ya Linux inayotunza hesabu za wanachama katika kanzidata ya PostgreSQL. Ni Jumamosi usiku, tarehe 14 Machi 2026. Kanzidata imeganda, na Asha, fundi wa zamu, anamwandikia msimamizi wake: "Kaka Juma, kanzidata imeganda tangu saa nne na nusu, marejesho ya wanachama hayaingii. Naomba ruhusa ya kuiwasha upya tu, hadi saa tano na nusu." Juma anampigia kuhakikisha kwamba ni yeye kweli, kisha saa tano kasoro dakika kumi anaandika mstari huu katika faili ya peke yake, `/etc/sudoers.d/asha`:

```
asha ALL = NOTAFTER=20260314203000Z /usr/bin/systemctl restart postgresql
```

Mstari huu unasema kwamba Asha anaweza kutekeleza amri moja tu, na kwamba baada ya wakati ulioandikwa `sudo` itamkatalia. Herufi `Z` mwishoni inaonyesha saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa hiyo 20:30 iliyoandikwa pale ni 23:30 ya kwetu, yaani saa tano na nusu usiku. Wengi hujikwaa hapa: Juma angeandika 23:30 huku `Z` ikibaki palepale, ruhusa ingeendelea hadi saa nane na nusu usiku. Kikomo cha aina hii kimo katika `sudo` kuanzia toleo la 1.8.20, na kwa seva nyingi za leo kiko tayari, hakihitaji kununuliwa kitu.

Kabla ya kumjibu Asha, Juma anakagua maandishi yake kwa `visudo -cf /etc/sudoers.d/asha`, kwa sababu kosa la uandishi katika kanuni hizi limewahi kuwafungia nje mafundi wengi. Asha naye anaandika `sudo -l` aone alichoruhusiwa, anatekeleza amri yake, na kwenye kumbukumbu za seva kunabaki mstari kama huu:

```
Mar 14 22:52:07 hesabu sudo: asha : TTY=pts/0 ; PWD=/home/asha ; USER=root ; COMMAND=/usr/bin/systemctl restart postgresql
```

Jumatatu mkaguzi anaweza kuuweka mstari huo kando ya ujumbe wa Asha na kuona kwamba ombi, ruhusa na tendo vinalingana. Amri nyingine yoyote ya mamlaka makubwa iliyoonekana usiku ule bila ombi ingekuwa jambo la kuulizwa mara moja. Faida hii haisemwi vya kutosha. Pale ambapo kila fundi ana mamlaka saa zote, kumbukumbu hujaa amri halali na mwizi hupotelea humo. Pale ambapo mamlaka huombwa, tendo lisilo na ombi hujitokeza lenyewe.

Utaratibu huu una mipaka yake. `NOTAFTER` hutazamwa wakati amri inapoanza tu. Juma angemruhusu Asha kufungua ganda zima la `root` kwa `/bin/bash`, ganda lililofunguliwa saa tano lingeendelea kuwa wazi hadi asubuhi, na kumbukumbu ya kawaida ingeonyesha `COMMAND=/bin/bash` pasipo kueleza kilichofanyika ndani yake. Hata ruhusa inayoonekana ndogo inaweza kuwa na mlango wa nyuma. Anayeruhusiwa kusoma faili kwa `less` kupitia `sudo` huandika `!sh` akiwa ndani, na tayari ana ganda la `root`. Kihariri `vi` kina uwezo kama huo, na kwa sababu hiyo kuhariri faili kunatakiwa kupitie `sudoedit`, ambayo humpa mtu nakala ya kuhariri bila kukiendesha kihariri chenyewe kwa mamlaka makubwa.

Ruhusa ya muda inaweza pia kuzaa ya kudumu. Aliyepata `root` kamili kwa dakika tano anaweza kujiongezea akaunti mpya au ufunguo wa kuingilia, na kwisha kwa ruhusa yake hakutaviondoa. Basi baada ya ruhusa pana kwisha, ni lazima mtu mwingine atazame orodha ya watumiaji, faili za `authorized_keys` na kazi zilizopangwa kujiendesha. Na `sudo` yenyewe ni programu kama nyingine. Januari 2021 watafiti wa Qualys walitangaza kasoro iliyokuwamo ndani yake tangu Julai 2011, iliyomwezesha mtumiaji yeyote wa ndani ya mashine kuwa `root` hata kama hakutajwa popote kwenye kanuni. Dawa ya hilo ni kusasisha tu.

Mashirika yenye mamia ya seva hayawezi kumtegemea Juma na simu yake, kwani Juma mwenyewe basi huwa ndiye msimamizi wa kudumu. Huko kazi hufanywa na mfumo maalumu. Katika huduma ya Microsoft iitwayo Entra, kwa mfano, mtu huandikwa kuwa anastahili cheo fulani bila kukishika. Akikihitaji hueleza sababu, huthibitisha utambulisho wake kwa njia ya pili kama vile simu, na cheo kikiwa kizito husubiri mwenzake aidhinishe. Muda wa juu wa kukishika huwa saa 8 kama hakuna aliyeubadilisha, na hauwezi kupita saa 24. Saa 8 ni zamu nzima ya kazi. Mimi ningeupunguza uwe saa 1 au 2 kwa vyeo vikubwa, kwa kuwa anayehitaji zaidi anaweza kuomba tena.

Hata hivyo mfumo wa kuombea ruhusa nao unaweza kuanguka, na ukianguka pamoja na mtandao, hakuna atakayeweza kuingia kuutengeneza. Kwa ajili ya siku hiyo huachwa akaunti moja au mbili za dharura zenye mamlaka ya kudumu. Nywila yake huwa ndefu, haiandikwi kwenye kompyuta yoyote, na huwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ambayo funguo zake ziko kwa watu wawili. Seva hupangwa ipige kengele kwa viongozi wote mara akaunti hiyo inapotumika, mchana au usiku. Kila baada ya miezi michache bahasha hufunguliwa mbele ya mashahidi, akaunti hujaribiwa kama bado inafanya kazi, kengele husikilizwa kama kweli imelia, kisha nywila mpya huandikwa na bahasha nyingine hufungwa.