Kata Maneno, Bakiza Sauti

"Mambo shoga, yaani nilikuwa nataka tu kukwambia kwamba, yaani, ile shughuli ya Jumamosi, si unajua ile shughuli, basi imesogezwa, imesogezwa hadi Jumapili saa kumi, sawa eeh?"

Habari hapa ni moja: siku imebadilika. Futa kwanza "nilikuwa nataka tu kukwambia kwamba", maana tayari unamwambia. Kisha ondoa marudio ya "shughuli" na "imesogezwa". "Yaani" bakiza moja, inayobeba mshangao. "Shoga" na "eeh" usiziguse. Humo ndimo anamosikika mwandishi:

"Mambo shoga! Yaani ile shughuli ya Jumamosi imesogezwa hadi Jumapili saa kumi, sawa eeh?"

Usome kwa sauti. Ukisikika kama tangazo la ofisi, umekata mno. Rudisha neno moja.