Frigo inayopiga kuran: fazi, netri na fili ya ardhi mu nyumba za zamani za Kisangani

Mu nyumba za zamani za Makiso, zile zilijengwa mbele ya uhuru wa 1960, ukifungua priz ya ukuta mara nyingi unakuta fili mbili tu. Wakati ule watu walikuwa na lampe, radio, pengine pasi. Leo mu nyumba ileile kuko frigo, konjelateri ya kuuzisha maji ya baridi, reshau na masini ya kufua. Vyombo hivi vyote viko na mwili wa chuma, na fisha yake inahitaji fili ya tatu ambayo nyumba haina. Ndiyo maana utasikia mama anaambia watoto: vaa sandali mbele ya kufungua frigo, inapiga.

Tuanze na zile fili. Fazi ndiyo inaleta kuran. Netri ndiyo njia ya kurudilia, na kule kwenye kabine ya SNEL netri hiyo imefungwa pamoja na ardhi. Shika sana neno hilo, sababu yote inayofuata inatoka pale. Kati ya fazi na netri kuko karibu volti 220. Kwa kuwa netri imefungwa na ardhi, kati ya fazi na udongo wenye unakanyaga kuko pia karibu volti 220. Kuran haitafuti netri peke yake: inatafuta njia yoyote ya kurudi kwenye kabine, na udongo ni njia.

Fili ya tatu ni fili ya ardhi, wengine wanaiita tere. Kila siku haibebe kitu. Inatoka kwenye mwili wa chuma wa chombo, inapita mu ukuta, inafika kwenye piketi, ni kusema fimbo ya chuma iliyopigwa mu udongo. Rangi yake ni kijani na manjano pamoja. Netri ni bluu. Fazi ni maroni, nyeusi ao nyekundu. Lakini mu nyumba ya zamani usiamini rangi. Fundi wa zamani alitumia fili yenye alikuwa nayo, na fili zenyewe zimekuwa nyeusi zote juu ya vumbi na joto.

Sasa tuchukue ile frigo. Ndani yake fili ya fazi imechunika, pengine panya alikula plastiki, na shaba inagusa chuma. Frigo inaendelea kufanya baridi kama kawaida. Hakuna kitu kinakatika, sababu kuran haijapata njia: mwili wa frigo uko tu pale na volti 220, unangoja mtu. Mtoto anatoka kuoga, miguu wazi juu ya simà yenye maji, anashika mulango wa frigo. Tuseme mwili wake na miguu yake yenye maji vinazuia kuran kwa omu 2.000. Gawa 220 kwa 2.000, unapata ampere 0,11, ni kusema miliampere 110. Kuanzia miliampere 30 hivi, kuran ikidumu inaweza kuharibu mapigo ya moyo. Na ile dizhonkteri ya ampere 16 kwenye tablo? Haioni kitu. Kwake yeye 0,11 ni kidogo kuliko lampe kubwa. Dizhonkteri ya kawaida inachunga fili zisiungue, haichungi watu.

Hapo watu wengi wanasema: basi tupige piketi, tumalize. Piketi ni ya lazima, lakini fanya hesabu. Tuseme piketi yako iko na omu 20, na ile ya kabine iko na omu 10. Kuran inapita mu zote mbili: 220 gawa kwa 30 ni ampere 7 na kidogo. Dizhonkteri ya 16 bado haikatike! Na mwili wa frigo unabaki na volti karibu 147. Mwenye nyumba ametoa pesa, amechimba, na frigo bado inaweza kuua.

Kitu chenye kinakosa kinaitwa dizhonkteri diferansieli, ya miliampere 30. Hiyo inapima kuran inayotoka mu fazi na ile inayorudi mu netri. Zikiwa sawasawa, inatulia. Ikitoka nyingi kuliko ile inarudi, inaelewa kwamba ingine imepita njia ya pembeni, inakata chini ya nusu ya sekunde. Mu mufano wetu, zile ampere 7 zinapita mu piketi zinaikatisha papo hapo, siku ileile shaba inagusa chuma, mbele mtoto hajafika. Hiyo ndiyo kazi ya kweli ya fili ya ardhi: kumupa diferansieli kitu cha kuona mapema. Bila fili ya ardhi, diferansieli itakata pia, lakini tu wakati mtu amekwisha kushika. Atastuka vikali; kwa kawaida hatakufa.

Kwa hiyo kama pesa ni kidogo na huwezi kuvunja kuta zote, kwa maoni yangu anza na diferansieli. Kisha vuta fili ya ardhi mpaka jikoni na pale mnafulia. Piketi ipigwe pahali penye unyevu, kwa mufano kule maji ya paa yanaanguka. Udongo mukavu unazuia kuran.

Kuko njia mbili za mukato zenye fundi anaweza kukupendekezea. Ya kwanza ni kufunga fili ya ardhi kwenye bomba ya REGIDESO. Zamani bomba ilikuwa chuma mpaka mu udongo. Leo kama kipande kimoja kimebadilishwa na plastiki, ardhi imekatika pale, na robine ya bafu inaweza kupata kuran ya frigo. Ya pili ni mbaya zaidi: kufunga netri na ardhi pamoja ndani ya priz. Inaonekana kuenda vizuri, mpaka siku upepo unakata netri kwenye poto, ao kisha matengenezo mtu anageuza fazi na netri. Hapo mwili wa kila chombo unapata volti 220, hata chombo kizima chenye hakina kosa.

Namna ya kujua nyumba yako iko namna gani: angalia kwanza kama priz iko na kidole cha chuma kinachotokea. Kikiwapo, bado si hakikisho, sababu watu wanaweka priz mpya juu ya fili mbili za zamani. Fundi apime na multimetri. Fazi na netri: karibu 220. Fazi na kile kidole: karibu 220 pia. Netri na kidole: volti chache. Kama kati ya fazi na kidole namba ni sufuri ao inacheza-cheza, kidole hakifungwe na kitu. Na kile kibutoni cha tesiti juu ya diferansieli, kikamue kila mwezi wakati kuran iko. Lakini kinapima diferansieli peke yake, hakisemi kitu juu ya piketi.

Ikiwa diferansieli mpya inakatika kila saa, wengi wanaitoa na kusema ni ya bandia. Mu nyumba ya zamani, mara nyingi inasema ukweli: fili ya kale inavuja mu ukuta wenye maji, ao chumba kimoja kinatumia netri ya jirani. Fundi atoe fisha zote, kisha azirudishe moja moja. Ile yenye inakatisha ndiyo iko na kosa. Kama inakata hata bila chombo, kosa liko mu ukuta.