Kwa nini hakuna anayeruka Sagana akiwa amefungwa waya wa chuma

Ukitoka Nairobi kuelekea Nyeri, ukifika Sagana huwezi kukosa kusikia stori za banji. Vijana hupanda mnara wa takriban mita 60 kando ya mto, wanafungwa kamba miguuni, halafu wanajitupa kichwa chini huku marafiki wakichukua video. Kamba ile ni ya mpira. Lakini hebu jiulize swali ambalo wengi hawaulizi: mbona isiwe ya waya wa chuma? Chuma si ndicho chenye nguvu zaidi? Waya hubeba lifti na kreni. Utashindwaje kubeba kijana mmoja wa kilo 80?

Jibu liko kwenye hesabu fupi ambayo mtu yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuifanya nyuma ya risiti. Hesabu yenyewe inauliza kitu kimoja tu: waya ukining'inizwa mzigo, unarefuka kiasi gani?

Chuma nacho huvutika

Watu wengi hudhani chuma hakivutiki hata kidogo. Ukweli ni kwamba kila waya unaobeba mzigo huwa umerefuka, hata kama jicho haliwezi kuona. Ukitoa mzigo, unarudi ulivyokuwa, kama mpira tu, ila kwa kiasi kidogo sana.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Tuna waya mmoja wa chuma, urefu mita 30, unene milimita 4 kutoka upande hadi upande. Tumeufunga juu ya mnara, na kijana wa kilo 80 anashushwa polepole mpaka ananing'inia kwenye ncha yake. Haruki, ananing'inia tu kama nyama buchani.

Kwanza tunataka nguvu inayovuta waya. Kilo 80 mara 10, nguvu ya mvutano wa dunia tukiizungusha kidogo, ni nyutoni 800.

Pili tunataka eneo la kinyonga cha waya, yaani ule mduara mdogo unaouona ukiukata kwa msumeno. Unene ni milimita 4, kwa hivyo nusu yake ni 2. Pai mara 2 mara 2 inatoa milimita za mraba 12.57. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Ukisahau kugawanya unene kwa mbili, ukaweka 4 mara 4, eneo linakuwa mara nne ya lile la kweli, na waya wako kwenye karatasi unaonekana imara mara nne kuliko ule ulio juu ya mnara. Kosa la aina hiyo halijionyeshi lenyewe.

Sasa gawanya nguvu kwa eneo. Nyutoni 800 kwa 12.57 inatoa karibu nyutoni 64 kwa kila milimita ya mraba. Huu ndio mkazo. Unakuambia kila kipande kidogo cha chuma kinabeba mzigo kiasi gani, bila kujali waya mzima ni mnene au mwembamba. Ndiyo maana tunaweza kuulinganisha na namba za kwenye jedwali.

Jedwali linasema nini

Kila kitabu cha ufundi kina jedwali la moduli ya unyumbufu. Wengine huiita moduli ya Young, kwa sababu ya Thomas Young, Mwingereza aliyeieleza kwenye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1807. Namba hii inapima ugumu wa kuvutika: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo kitu kinavyokataa kurefuka. Ukiangalia, utakuta chuma kina takriban gigapaskali 200, shaba nyekundu karibu 120, alumini karibu 70. Mpira wenyewe hauna hata gigapaskali 0.1.

Tukibadilisha vipimo vilingane na vyetu, gigapaskali 200 ni nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba. Chukua mkazo wetu wa 64 ugawanye kwa 200,000. Unapata 0.00032. Namba hii haina kipimo, ni uwiano tu: kila mita ya waya inarefuka kwa milimita 0.32. Waya una mita 30, kwa hivyo jumla ni milimita 9.6 hivi.

Kwa ufupi, hesabu nzima ni hii:

```
kurefuka = F x L / (A x E)
         = 800 x 30000 / (12.57 x 200000)
         = 9.5 mm
```

Ile tofauti ndogo ya 9.5 na 9.6 inatokana na kuzungusha namba njiani. Kwa hivyo kijana mzima wa kilo 80 ananing'inia, na waya wa mita 30 haujarefuka hata sentimita moja. Ungekuwa wa alumini wa unene uleule, ungerefuka karibu milimita 27. Uzito wa waya wenyewe, kilo 3 hivi, unaongeza sehemu ndogo mno ya milimita, kwa hivyo tunaupuuza.

Fomula haikuonyi

Sasa tuseme fundi ameamua kuokoa pesa, akaleta waya wa milimita 2. Unene umekuwa nusu, lakini eneo limekuwa robo: milimita za mraba 3.14. Mkazo unapanda hadi karibu 255. Ukiweka kwenye fomula, inakupa milimita 38 bila kusita.

Lakini subiri. Kwenye jedwali kuna safu nyingine karibu na ile ya moduli, inayosema chuma kinaweza kubeba mkazo gani kabla hakijaanza kuvutika moja kwa moja. Kwa chuma laini cha kawaida cha ujenzi ni takriban 250. Sisi tuko 255. Hiyo 38 ni namba ya uongo, kwa sababu fomula inafanya kazi tu pale waya unaporudi ulivyokuwa. Ukipita kikomo, waya unaendelea kuvutika hata kama hujaongeza mzigo, na ukimshusha kijana hautarudi urefu wake wa kwanza. Ndivyo unavyojua: pima waya bila mzigo kabla, pima tena baada. Ukiwa mrefu kuliko mwanzo, umeshapita kikomo.

Kitu kingine kinachowashangaza watu: waya mgumu kama ule wa kreni unaweza kuwa na kikomo cha mara kadhaa ya hicho cha 250. Lakini moduli yake bado ni ileile, 200 hivi. Chuma chenye nguvu zaidi hakivutiki kidogo zaidi chini ya mzigo uleule. Kinachelewa tu kuharibika. Nguvu na ugumu wa kuvutika ni vitu viwili tofauti, na kwenye jedwali viko kwenye safu mbili tofauti.

Na kama unatumia kamba iliyosukwa kwa nyuzi nyingi za chuma badala ya waya mmoja, usiweke 200. Nyuzi zilizosokotwa hujinyoosha na kukazana kwanza, kwa hivyo kamba nzima huvutika zaidi ya waya mmoja wenye chuma kiasi kilekile. Hapo tumia namba ya aliyeitengeneza kamba.

Ukitaka kupima mwenyewe

Kupima milimita 9.5 kwenye mita 30 si mchezo. Shida ya kwanza ni boriti uliyofungia waya. Ikijipinda milimita 3 kwa uzito, utasoma 12.5 na kudhani waya umekuwa laini. Shida ya pili ni jua. Chuma kikipata joto hurefuka, karibu sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii. Sagana asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali. Joto likipanda digrii 10, waya wetu unarefuka milimita 3.6 bila mtu yeyote kuugusa. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya kile tunachotafuta.

Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Ning'iniza waya mbili zinazofanana kutoka boriti moja. Mmoja unapewa uzito mdogo tu wa kuunyoosha, mwingine unabeba mzigo. Pima tofauti kati ya ncha zao. Boriti ikishuka, zinashuka zote. Jua likiwaka, zinarefuka zote. Kinachobaki ni kazi ya mzigo peke yake.

Basi aruke

Turudi kwenye mnara. Mpaka hapa kijana wetu alishushwa polepole. Sasa mwachilie ghafla tu, bila kuanguka, waya ukiwa umenyooka tayari: atashuka mara mbili ya ile 9.5, yaani milimita 19, kabla ya kurudi juu kidogo. Kwa lahadha hiyo waya unavutwa kama umebeba kilo 160.

Akiruka kutoka juu, anaanguka mita 30 kabla waya haujakaza. Nishati aliyokusanya ni nyutoni 800 mara mita 30, yaani jouli 24,000. Waya lazima uimeze yote kwa kurefuka. Lakini huu ni waya unaohitaji karibu nyutoni 84 ili kurefuka milimita moja tu. Ukipiga hesabu ya nishati, ili kumsimamisha ungelazimika kurefuka sentimita 77 hivi, na nguvu ingefika nyutoni 64,000. Hiyo ni kama tani 6 na zaidi zikimvuta miguu, mara 80 ya uzito wake.

Mkazo ungepita 5,000 kwa kila milimita ya mraba, na hakuna waya wa kawaida wa chuma unaofika huko. Ungekatika mapema. Na hata tungeupata ambao haukatiki, mwili wa binadamu haungestahimili kusimamishwa ndani ya sentimita 77 baada ya kuanguka ghorofa kumi.

Kamba ya mpira inafanya kinyume. Inavutika mita nyingi, na kwa kila mita inameza sehemu ya nishati kwa nguvu ndogo. Kijana anapunguzwa mwendo taratibu, halafu anarushwa juu tena, anapiga kelele, video inaenda mtandaoni.

Chuma kinaweza kumbeba akishushwa polepole, hata kwa waya wa milimita 4. Kinachokosa ni nafasi ya kurefuka. Ile 200 kwenye jedwali, inayofanya lifti isiyumbeyumbe ukiingia, ndiyo ingemuua mrukaji wa Sagana.