Meno ya kahawia na mabango ya famasi chini ya Meru

Mwenye famasi au duka la dawa muhimu kati ya Maji ya Chai, Usa River na Kikwe ana mteja ambaye mwenzake wa Dodoma mjini hampati kila siku. Ni kijana mwenye meno imara, yasiyouma, ila yana rangi ya kahawia. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia madini ya floridi kwenye chemchemi na visima, na aliyekulia kwenye maji hayo hubaki na alama hiyo mdomoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilivumilia miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushusha kiwango chake hadi hiyo 1.5. Kijana huyo sasa anatafuta kazi ya hotelini au anakaribia harusi, na yuko tayari kulipa. Kwa hiyo dawa za meno za kung'arisha zinakaa rafu ya mbele, usawa wa macho.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kukimbia kuliko bidhaa.

Doa la floridi halikupakwa juu ya jino. Mtoto anapokunywa floridi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya ufizi, hasa kabla ya kufika miaka minane, enameli inajengeka na vitundu vidogo mno chini ya uso wake. Jino likishaota, vitundu hivyo hunyonya rangi na weupe wa chaki hugeuka kahawia. Dawa ya meno ya kung'arisha hufanya kazi kwa chembe za kusugua. Inaondoa kilichoganda juu, kama utando wa chai, kahawa au tumbaku. Kilicho ndani haikifikii. Anayetaka kubadilisha rangi hiyo anahitaji daktari wa meno, ambaye anaweza kukwangua tabaka jembamba la enameli, kutumia kemikali za kung'arisha kwa kipimo, au kufunika jino kwa kigamba. Ndiyo maana wapo wanaokata tamaa na dawa za dukani wakaishia kusugua kwa mchanga, majivu au ndimu. Asidi ya ndimu inalainisha enameli, na mchanga unaikwangua.

Muuzaji makini anaweza kutofautisha madoa haya pale pale kaunta bila kujifanya daktari. Anauliza maswali mawili: rangi hii ilikuwapo tangu meno yalipoota, au imekuja ukubwani? Na je, meno ya kulia na ya kushoto yanafanana? Rangi ya tangu utotoni, yenye kufanana pande zote mbili, kwa mtu aliyekulia ukanda huu, kwa kawaida ni floridi. Huyo ukimuuzia tyubu kwa ahadi ya weupe, umemuuzia hasara, na atarudi na tyubu tupu pamoja na majirani zake.

Sasa tuchukue tangazo la mfano, la aina inayoweza kubandikwa mlangoni au kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp: "Meno ya Maji ya Chai? Sasa basi! Yanakuwa meupe ndani ya siku 7. Imethibitishwa na serikali. Haina madhara." Kuna madai manne, na hakuna linalosimama. La kwanza linadokeza kuondoa doa la floridi, jambo ambalo tumeona haliwezekani kwa mswaki. La pili linaweka tarehe ya kupona, na muuzaji hana utafiti wowote wa kuitetea. La tatu linaupa usajili au alama ya ubora maana isiyokuwa nayo. Alama ya TBS inahusu ubora kwa mujibu wa kiwango kilichowekwa, wala haithibitishi kila neno ambalo muuzaji ataliongeza kwenye bango lake. La nne haliwezi kusemwa juu ya kitu chochote kinachosugua jino kila siku.

Mara nyingi bango hilo husindikizwa na picha mbili, kabla na baada. Zitazame vizuri. Taa ikibadilika, rangi ya jino inabadilika. Hata jino lililokauka kwa sababu mdomo umeachwa wazi kwa dakika kadhaa huonekana jeupe zaidi kuliko lile lenye mate.

Kisheria kosa si la lugha tu. Sheria inayosimamia dawa Tanzania inahesabu kuwa dawa si bidhaa iliyotengenezwa kutibu tu, bali pia ile inayotangazwa kuwa inatibu au inazuia ugonjwa. Maana yake bidhaa ya usafi wa kinywa, ambayo ubora wake unasimamiwa na TBS, inaweza kuvukia upande wa TMDA kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa na mwenye duka. Aliyenunua katoni ya bidhaa halali anajikuta anauza kitu kinachoonekana kama dawa isiyosajiliwa. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu manufaa ya bidhaa. Sheria hiyo haichagui kati ya famasi na duka la viatu.

Lakini kuna upotoshaji mgumu zaidi kuugundua, nao unatokana na maneno ya kweli. Vidonge na dawa ya maji yenye klorini huuzwa kwa maelezo kwamba vinafanya maji kuwa salama kunywa. Klorini inaua vijidudu vya kuhara, na hilo limethibitika. Ila mama wa Kikwe anaposikia "maji salama", anachofikiria kwanza huenda ni meno ya mwanawe. Klorini haigusi floridi. Kuchemsha nako hakusaidii, kwani maji yakipungua kwa mvuke floridi inabaki kwenye sufuria na kiwango kwa lita kinapanda. Kinachoipunguza ni vitu kama mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiushughulikia kwa miaka mingi, na mkaa huo nao hushiba floridi ukahitaji kubadilishwa. Kwa hiyo tangazo la klorini katika kata hizi linahitaji sentensi ya ziada: "Inaua vijidudu. Haiondoi floridi." Sentensi hiyo haipunguzi mauzo kwa anayeogopa kipindupindu, na inamlinda anayetafuta kitu kingine.

Wauzaji wana hoja yao: mshindani wa jirani anaahidi miujiza, mimi nikiandika ukweli mtupu nitamuuzia nani? Hoja hiyo ina uzito, maana wanunuzi wanaamini ushuhuda kuliko lebo. Mkoa huu wa Arusha uliliona hilo mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, wakati maelfu ya watu walipopanga foleni kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kazi ya tangazo ilifanywa na waliorudi wakisema wamepona. Ushuhuda wa namna hiyo una kasoro moja ya kihesabu: anayejisikia nafuu husimulia, asiyepata nafuu hunyamaza au hayupo tena kusimulia. Muuzaji anayebandika "Mama fulani amepona" anakusanya sauti za upande mmoja tu.

Na bango la kweli linauza. Lile la mfano linaweza kuandikwa hivi: "Inasaidia kuondoa madoa ya chai, kahawa na tumbaku juu ya meno. Madoa ya floridi yanahitaji daktari wa meno, tuulize tukuelekeze." Kila neno lina utetezi, na sehemu ya pili inamleta mteja kaunta. Akifika na mtoto mdogo, kuna jambo la kumwambia lenye thamani kuliko tyubu yoyote. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atumie dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema. Maji yake ya kunywa na kupikia yatoke kwenye chanzo kilichopimwa, na magadi yapunguzwe kwenye maharage na makande, maana nayo yanaweza kubeba floridi nyingi. Usimwambie kwamba dawa ya meno isiyo na floridi itamkinga mtoto na meno ya kahawia. Hapa floridi nyingi inaingia kwa kikombe cha maji, na ahadi hiyo ingekuwa uongo mwingine uliovaa nguo safi.

Mwenye duka anayepokea mabango yaliyochapwa tayari na wakala, amuombe kwanza karatasi inayoonyesha bidhaa imesajiliwa wapi na kwa matumizi gani. Matumizi yaliyo kwenye bango yakizidi yale ya kwenye karatasi, bango lisipande ukutani. Na kama bidhaa ni dawa, tangazo lake linatakiwa kupata kibali cha TMDA kabla halijatoka. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha mjini, safari ya daladala kutoka Kikwe.